Nikipata nafasi nitalipa

Simu ilitoka Morogoro, kwa mteja wetu mwenye duka la vipuri vya pampu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwandikia barua pepe ya kumkumbusha deni. "Dada," akaniambia kwa utulivu kabisa, "mbona mnanisumbua? Si mliandika nilipe nikipata nafasi? Bado sijaipata."

Nilifungua barua niliyomtumia. Ni kweli niliandika hivyo. Ofisi yetu iko Dar es Salaam, wakubwa wako nje, na barua za madai hutujia kwa Kiingereza ili mimi nizigeuze. Kwenye ile ya Kiingereza walisema mteja alipe mapema kadiri itakavyomfaa. Wao wakisoma maneno hayo wanaelewa kwamba subira imekaribia kwisha. Mimi nilichukua maneno nikaacha shinikizo lake, nikampa mdaiwa ruhusa ya maandishi.

Nilipoisoma barua nzima niliona aibu. Ilianza: "Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa mzima." Ikafuata "ankara bora Na. 0417", kwa sababu neno walilotumia kwa ankara ambayo haijalipwa ndilo hilo hilo wanalomsifia mwanafunzi anayeongoza darasa, nami kwa haraka nikachukua maana ya kwanza ya kamusi. Halafu: "Kwa upole tafuta kiambatisho. Tungethamini kama ungeweza kulipa utakapopata nafasi. Tafadhali jisikie huru kuwasiliana nami. Natazamia mbele kusikia kutoka kwako." Hakuna Mswahili aliyewahi kudai deni kwa lugha hiyo.

Kosa langu la pili lilikuwa kukimbilia upande mwingine. Serikali ya Tanzania imekuwa ikifanya shughuli zake kwa Kiswahili tangu 1967, na barua zake zina kauli zilizokomaa: "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu," "Rejea barua yako Kumb. Na.," "Naomba kuwasilisha." Nikazibeba zote nikazipeleka kwa wenye maduka. Mama mmoja wa Mbeya akapiga simu akiwa na wasiwasi, akiuliza kama tumemshitaki. Kauli hizo si mbaya, ila zina mahali pake. Zinamwambia msomaji kwamba anaandikiwa na mamlaka, na muuza duka akiandikiwa na mamlaka anawaza makubwa.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja jirani yetu, katibu muhtasi mstaafu. Nilimpelekea barua ya Kiingereza anisaidie. Aliisoma, akaikunja, akaikalia kabisa. "Haya mwanangu, huyo mteja yuko mlangoni. Mwambie unachotaka." Nikasema: habari za kazi, kaka, ile ankara ya mwezi wa tatu bado, na muda umepita, tunaomba mtulipe kabla ya Ijumaa. "Sasa andika hivyo hivyo," akasema, "halafu uvishe kanzu."

Kuvisha kanzu ndiko kulikonichukua muda kujifunza, kwa sababu adabu ya Kiingereza cha ofisini na adabu ya Kiswahili hazikai sehemu moja. Kiingereza huificha ndani ya ombi lenyewe: wanalizungusha, wanaweka "kama ingewezekana", wanalifanya lionekane kama hisani. Sisi heshima yetu iko mlangoni, kwenye namna ya kumwita mtu na kumjulia hali. Baada ya hapo ombi linaweza kusemwa waziwazi bila kumvunjia mtu heshima, mradi litanguliwe na "naomba" au "tunaomba".

Ndiyo maana ile "tungethamini kama ungeweza" ilikuwa na kasoro kubwa kuliko ugumu wa kuisoma. Kiambishi "-nge-" kwetu hubeba jambo ambalo halipo au halitarajiwi. Ukimwambia mtu "tungeshukuru kama ungelipa", anasikia kwamba hukutegemea alipe, na wengine watasikia kijembe. "Tunaomba malipo yafanyike kabla ya tarehe 25" ni kauli fupi, ya wazi, na bado ni ya adabu kuliko ile ndefu. Tarehe nayo ni lazima. Pale Kiingereza kinapodokeza haraka kwa maneno ya kuzunguka, mimi naweka siku.

Salamu nazo nilizibadilisha. "Mpendwa" nimeiacha, kwa wateja wetu wengi inanukia kanisani au barua ya mchumba. Naandika "Ndugu" na cheo au jina. Najua wenzetu wa Kenya hutumia zaidi "Bw." na "Bi.", kwa hiyo barua ya Mombasa huianza hivyo. Kisha inanibidi niamue jambo ambalo Kiingereza hakiniulizi kamwe: ninazungumza na mtu mmoja au na duka? Kwao "wewe" na "ninyi" ni neno moja. Mimi humkumbusha meneja, ila deni nalipeleka kwenye duka, ili asihisi ni lake binafsi.

Barua ya Morogoro niliiandika upya hivi:

"Ndugu Meneja,

Habari za kazi?

Nakukumbusha kuhusu ankara Na. 0417 ya vipuri mlivyochukua tarehe 3 Machi. Muda wa malipo ulikuwa siku 30, na kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa bado haijalipwa. Nimeambatisha nakala yake.

Tunaomba malipo yafanyike kabla ya Ijumaa, tarehe 25 Aprili. Kama mmeshalipa, tafadhali nitumie nakala ya risiti ya benki ili nirekebishe hesabu. Kama kuna tatizo lolote, nipigie tuzungumze.

Ahsante kwa ushirikiano wenu."

"Tafadhali" imebaki moja tu. Nilikuwa naiweka kila sentensi, ikawa kama mtu anayebembeleza. "Jisikie huru" imekufa; "nipigie" inatosha, na namba ya simu iko chini ya jina langu. Kuhusu "natazamia mbele", wakati mwingine naandika "nasubiri majibu yako", lakini kwenye barua ya deni tarehe imeshasema yote.

Bosi alipoiona aliuliza kwa nini imekuwa fupi hivyo, na zile salamu za upole za mwishoni zimekwenda wapi. Nikamweleza kwamba zimehamia juu, kwenye "Habari za kazi". Sidhani alielewa, ila fedha ziliingia Alhamisi.

Si kila kauli iliyotafsiriwa neno kwa neno naitupa. "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" nayo ilitoka huko huko, lakini matangazo ya kukatika umeme yameizoesha mpaka imekuwa yetu. "Tunasikitika kukujulisha" nayo imeshika mizizi, ila mzigo ukichelewa bandarini siitumii. Tumezoea kusikia "tunasikitika" kwenye matangazo ya vifo, na sitaki mtu ashike kifua kwa sababu ya kasha la mabomba. Naanza na habari yenyewe, kwamba mzigo utafika Jumatano badala ya Jumatatu, ndipo naomba radhi.

Iliyobaki inanishinda ni ile wanayoandika mtu akishapuuza barua mbili, "kama nilivyosema kwenye barua pepe yangu iliyopita". Kwao hiyo ni karipio lililovaa tai. Kwa Kiswahili inageuka taarifa tu, na nikiongeza ukali inakuwa ugomvi. Nimejaribu "Rejea barua yangu ya tarehe 14", nikamkumbuka yule mama wa Mbeya. Siku hizi ikifika hapo siandiki. Nachukua simu, namsalimia, namuulizia watoto, kisha nanyamaza kidogo. Mara nyingi yeye ndiye anayeanza kuitaja ankara.