Ute na damu kwenye choo cha mtoto: jinsi nilivyotatua

Binti yangu alipokuwa na wiki sita, akinyonya tu, choo chake kilianza kuwa na ute na nyuzi nyembamba za damu. Daktari alishuku mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo hupita katika maziwa ya mama. Nilihamia maziwa ya mbuzi bila nafuu, kwani protini zake zinafanana mno. Niliyaacha pia, damu ikaendelea, hadi niliposoma karatasi ya mkate wa dukani: kwa herufi ndogo, unga wa maziwa! Siku ya tano baada ya kuuacha, nepi ilikuwa safi. Wiki ya nne, kwa ushauri wa daktari, nilikunywa kikombe kimoja cha maziwa. Siku ya pili damu ikarudi, na mzio ukathibitika. Sasa ninameza kalsiamu, na tutajaribu tena akikaribia mwaka.