Fomu ya warithi iliyobaki na mke wa zamani

Mwanachama wa Wete alimwacha mkewe na akaoa tena, lakini fomu yake ya warithi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ilibaki na jina la mtalaka na mtoto mmoja. Tatizo jingine lilikuwa dogo ila baya: mtoto aliandikwa "Mwanaisha", na cheti cha kuzaliwa kinasema "Aisha".

Tulianza kwa kuomba nakala ya taarifa za mwanachama huyo, kisha tukajaza fomu mpya nzima; kuongeza jina pembeni kwa kalamu huzua ubishi. Tuliambatanisha hati ya talaka, cheti cha ndoa mpya na vyeti vya watoto watatu. Mafungu kwa asilimia: mke 40, kila mtoto 20, jumla 100. Nakala yenye mhuri na tarehe anayo mkewe wa sasa.