Ukuta sebuleni kwa baba

Sebule ya baba ilikuwa moja, ndefu, kutoka mlango wa mbele hadi wa uani. Nimerudi nimekuta ukuta katikati yake. Umepigwa plasta na rangi, na ng'ambo yake anaishi mpangaji nisiyemjua. Umepita pale pale kilipokuwa kiti cha baba, na nyinyi mliozoea kuja pale mnakijua kiti hicho. Nilipouona niliona nimefiwa upya. Hata sasa naandika kifua kimenibana.

"Mdogo wangu, nyumba haili kumbukumbu," kaka aliniambia. "Paa lilivuja nikaezeka. Vyumba vya uani nimejenga mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamjibu kwamba dawa za baba zilinunuliwa kwa fedha zangu. Tukapandishiana sauti hadi majirani wakatoka nje.

Yeye alitaka kuiuza, mimi nilitaka nusu yangu, na hakuna aliyeweza lolote kwa sababu hati bado ilikuwa na jina la baba. Warithi ni sisi wawili tu, na wosia hakuacha. Shangazi ndiye aliyetuketisha. Kwanza tukaomba mahakama ituteue wote wawili kuwa wasimamizi wa mirathi, asiwepo wa kutia sahihi peke yake. Kisha tukamwita mthamini tuliyemkubali sote. Msianze kugombana kabla ya mthamini. Sisi tulipoteza miezi tukibishania thamani ambayo kila mmoja aliibuni kichwani.

Tuseme nyumba nzima ni mafungu 100. Kaka alidai vyumba vya uani vimemgharimu 30, lakini mthamini alisema vimeiongezea nyumba 20, na kinachohesabiwa ni ongezeko hilo, si gharama. Zikabaki 80, kila mmoja 40. Kodi aliyokusanya tangu baba afariki, ukitoa lile paa na matengenezo mengine, ilikuwa 6, kwa hiyo 3 ni zangu. Akakataa, akanionyesha risiti, tukazipitia moja moja, namba haikubadilika. Kwangu 43, kwake 57.

Fedha za dawa shangazi alizikataa. "Hizo ulimpa baba yako, hukuipa nyumba." Na miaka ambayo kaka alimuuguza baba nayo haikuwekewa fungu. Iliniuma, lakini sikuwa na la kumjibu shangazi.

Kaka anabaki na nyumba, ananilipa kwa awamu katika miaka 3. Hati haihamii kwake hadi awamu ya mwisho. Akishindwa, nyumba inauzwa na tunagawana kwa mafungu yale yale. Yote yameandikwa, tumetia sahihi mbele ya wakili, shangazi akiwa shahidi.

Kifungu cha mwisho nilikidai mimi: mkataba wa mpangaji ukiisha, ukuta unabomolewa. Kaka alikikataa mara mbili. Mara ya tatu akachukua kalamu.