APTT 49, anti-Xa 0.66: usiku wa namba mbili zisizopatana

Nimetoka zamu ya usiku ya maabara na usingizi haujaja. Bado namfikiria mgonjwa mmoja wa wodini, mwenye bonge la damu kwenye mapafu na nimonia juu yake, uzito kilo 80. Nayaandika ya usiku huu kabla hayajanitoka.

Alianza heparini ya dripu, dawa ya kuzuia damu kuganda, saa sita mchana kwa dozi tunayoifahamu wote: uniti 80 kwa kila kilo kwa mkupuo, yaani 6,400, kisha pampu ikawekwa kwenye uniti 18 kwa kilo kwa saa. Saa kumi na mbili jioni APTT, kipimo cha muda ambao plazma inachukua kuganda, ikasoma sekunde 44. Kwa kitendanishi tunachotumia sasa, mgonjwa wa heparini tunamtaka awe kati ya 62 na 88. Wodi wakafuata jedwali lao, wakapandisha pampu hadi 20. Saa sita usiku ikasoma 47, wakapandisha hadi 22. Saa kumi na mbili alfajiri ikasoma 49. Majibu mawili ya mwisho niliyatoa mimi. Sampuli zilikuwa safi, damu imejaa hadi kwenye mstari wa chupa ya sitreti, na zilizungushwa ndani ya saa moja tangu kutolewa. Hilo la saa moja nalikazania, kwa sababu damu ikikaa muda mrefu, chembe sahani humwaga protini inayoifunga heparini, na APTT hushuka ingali mgonjwa ana dawa ya kutosha.

Simu ikalia. Daktari wa zamu alikuwa anataka kupandisha hadi 24.

"Kaka, huyu mgonjwa heparini haimshiki kabisa. Mashine yenu iko sawa?"

"Mashine iko sawa, dokta. Naomba dakika ishirini nipime anti-Xa kwenye sampuli hii hii kabla hujagusa pampu."

Nilipiga hesabu huku nasubiri. Uniti 22 kwa kilo 80 ni 1,760 kwa saa, na kwa siku nzima ni zaidi ya 42,000. Mgonjwa anayehitaji zaidi ya uniti 35,000 kwa siku ndiye tunayemwita sugu kwa heparini. Ila kabla ya kumpa mtu jina hilo lazima ujue kama dawa haipo kwenye damu, au ipo na kipimo hakiioni.

Anti-Xa, kipimo cha kiasi cha heparini kwenye damu, ikatoka 0.66. Lengo ni 0.3 hadi 0.7. Dawa ilikuwepo, tena karibu na ukingo wa juu.

Vipimo hivi viwili havipimi kitu kimoja. Kwenye APTT tunachukua plazma, tunaichanganya na fosfolipidi na kiamshi kama silika, tunaongeza kalisi, halafu tunahesabu sekunde mpaka igande. Heparini inachelewesha kuganda huko, lakini sekunde unazosoma ni za plazma yote: kila fakta, yaani protini ya kugandisha damu, iliyo kwenye njia hiyo, ikizidi au ikipungua, inaacha alama yake. Anti-Xa ina njia nyingine. Tunaweka fakta Xa ya kiasi kinachojulikana, heparini ikishirikiana na antithrombini, protini ya damu inayozuia kuganda, inaizima sehemu yake, na Xa iliyobaki inakata kemikali inayotoa rangi ya njano. Rangi ikiwa hafifu, heparini ni nyingi. Hapo hakuna ugandaji wowote unaosubiriwa.

Ndiyo maana mgonjwa mwenye nimonia anaweza kutupoteza. Mwili ukiwa na uvimbe mkali, ini na kuta za mishipa humwaga fibrinojeni na fakta VIII kwa wingi. Fakta VIII ikiwa nyingi, njia inakimbia, plazma inaganda mapema kwenye chupa ya kipimo, na sekunde zinafupika hata heparini ikiwepo. Nilipima zote mbili kwenye kilichobaki cha sampuli. Fibrinojeni ilikuwa gramu 7.8 kwa lita, wakati kawaida ni 2 hadi 4. Fakta VIII ilikuwa asilimia 310, na kawaida haivuki 150.

Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Kabla ya heparini kuanza, APTT yake ilikuwa sekunde 23, na kawaida yetu huanzia 26. Aliyeanza na 23 akafika 44 amekaribia kuzidisha sekunde zake mara mbili. Jibu lile la 23 lilikuwa kwenye skrini ile ile niliyotolea 47, na sikulitazama. Nilitazama tu kama namba imeingia kati ya 62 na 88.

Daktari aliniuliza swali la haki: kama fakta VIII imejaa hivyo, je, mgonjwa hahitaji kweli heparini zaidi ili kuishinda? Nilimweleza jaribio lililochapishwa mwaka 1994, lililowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 131 waliohitaji zaidi ya uniti 35,000 kwa siku. Waliofuatwa kwa anti-Xa walipewa heparini kidogo kuliko waliofuatwa kwa APTT, na mabonge hayakurudi kwao zaidi. Ni jaribio dogo, lakini kwa mgonjwa wa aina hii mimi naiamini 0.66 kuliko 49.

Siyo kwamba anti-Xa ndiyo inayoamua siku zote. Miezi michache iliyopita tulipata kinyume chake: anti-Xa 1.4, APTT sekunde 52, na wodi walikuwa wanakaribia kusimamisha pampu. Nilitafuta sampuli iliyochukuliwa kabla ya heparini, nikaipima, ikasoma 1.1. Heparini haiwezi kuwepo kabla haijatolewa. Mgonjwa yule alikuwa akimeza apiksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda, nyumbani na figo zake zilikuwa dhaifu, kwa hiyo vidonge vilikuwa bado vimo kwenye damu. Apiksabani nayo inaizima Xa, na kipimo hakina macho ya kutofautisha nani ameizima. APTT haiguswi sana na apiksabani, kwa hiyo yule tulimfuata kwa APTT mpaka vidonge vilipoisha mwilini.

Tangu siku ile, plazma ya sampuli ya kwanza ya kila anayeanzishiwa heparini naihifadhi kwenye friza. Pia naitazama rangi yake kabla ya kuipima. Plazma ya njano kali ya mgonjwa wa ini, au nyekundu kwa sababu chembe zimepasuka, inaweza kuishusha anti-Xa kwa uongo, kwa kuwa mashine inasoma rangi.

Basi, turudi kwa mgonjwa wa mapafu. Tulikubaliana asipandishwe, bali arudishwe kwenye 20, na afuatwe kwa anti-Xa peke yake. Niliandika kwenye fomu: "APTT imefupishwa na fakta VIII ya juu, isitumike kupanga dozi mpaka uvimbe utulie." Niliongeza kwamba wapime fibrinojeni tena baada ya siku tatu, maana ikishuka, APTT inaweza kupatana tena na mwenzake.

Mwenzangu wa zamu ya mchana amenitumia ujumbe sasa hivi. Sampuli ya saa sita adhuhuri, pampu ikiwa kwenye 20: anti-Xa 0.59, APTT sekunde 45. Wodi hawakupiga simu kuuliza kuhusu 45.