Siku moja maishani mwangu: trei ya chumba 412

Saa 11:00 alfajiri naingia zamu. Mimi ni mhudumu wa vyumbani katika hoteli moja hapa Dar es Salaam. Wa zamu ya usiku ananikabidhi kadi za kifungua kinywa ambazo wageni walining'iniza kwenye vitasa vya milango. Nazipanga kwa saa, na nazitandikia trei zake mapema.

Saa 12:40 simu inalia. Chumba 412.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niletee mayai mawili ya kukaanga yaliyoiva kabisa, mkate wa kuchoma na chai ya maziwa. Sukari usitie, nina kisukari."

Namuuliza kama kuna chakula kinachomdhuru, namrudia oda yote neno kwa neno, namwambia nitafika baada ya nusu saa. Kwenye karatasi ya mpishi naandika "BILA SUKARI" na kuipigia mstari.

Mayai yakiwa bado hayajaingia kwenye kikaango, mimi natandika. Kwanza kitambaa, ili vyombo visiteleze. Birika la chai nitaliweka karibu na katikati, kwa sababu likikaa pembeni trei inalemea upande mmoja, na mdomo wake nitauelekeza ndani ili chai ikimwagika isiniunguze. Kisha uma, kisu, kijiko, chumvi, pilipili manga, siagi. Bakuli la sukari naliondoa. Vya moto vinapanda mwisho kabisa, sahani ikiwa na kifuniko chake.

Kabla ya kunyanyua trei naisoma tena karatasi, kidole kikigusa kila chombo. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kusahau chumvi. Nilishuka kuifuata, lifti ikachelewa, na niliporudi mgeni alikuwa anatazama mayai yaliyopoa. Nilimwomba radhi, jiko likakaanga mengine. Tangu siku hiyo sipandi bila kugusa.

Saa 1:08 nagonga mara tatu, nasema "Huduma ya chumbani", nasogea nyuma hatua moja na kusubiri. Mzee anafungua. Namuuliza niiweke wapi, anaonyesha meza ya dirishani. Nafunua sahani, anasaini bili, namwomba apige simu akimaliza.

Wengi hawapigi. Huitoa trei mlangoni, na hapo sisimizi hawachelewi, tena mtu anaweza kujikwaa. Kwa hiyo saa 3:00 napita ghorofa zote na daftari langu la trei zilizopanda.

Ya 412 iko nje, sahani tupu. Nahesabu: uma upo, kisu kipo, kijiko cha chai hakipo. Simgongei mzee. Vijiko vingi hupotelea ndani ya kitambaa cha kujifutia, kisha vinaenda dobi au kwenye taka. Nakikunjua kitambaa taratibu. Kijiko kimo. Nakata mstari wa 412 daftarini, naelekea ghorofa ya 5.