Mke wangu mwanafunzi, mimi na watoto tukamfuata Ubelgiji

Mke wangu ndiye mwanafunzi. Yeye anafanya doktora Louvain-la-Neuve, mimi nilibaki Katuba, Lubumbashi, na watoto wawili, kila asubuhi nikimsuka Neema nywele zinazofumuka kabla hajafika shuleni. Majirani walinichoma vya kutosha. "Papa Neema, kumbe siku hizi mwanaume ndiye anaolewa?" Nilicheka nao. Sasa niko Charleroi, na wale wale ndio wanaonipigia simu usiku kuuliza karatasi gani zinatakiwa.

Nianze na ushauri ulionichosha kuliko wote: "Jaza konti yako kwanza." Lubumbashi nzima ilinipa ushauri huo. Mjomba mmoja alikuwa tayari kuniazima dola zikalale benki kwa muda, halafu nimrudishie na kitu kidogo juu. Nilikataa, akanuna. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 15 Desemba 1980, kifungu cha 10bis, kinachomhusu mwanafunzi anayeita familia yake, inamtazama yule aliyeko kule. Yeye ndiye aonyeshe pato la kudumu, linaloingia bila kukatika na kutosha nyumba nzima, ili asiwepo atakayekwenda kuomba msaada wa serikali. Yeye ndiye aonyeshe nyumba ya kutosha na bima ya afya ya wote. Konti yangu iliyovimba ghafla isingejibu swali hata moja kati ya hayo. Sisi tuliweka barua ya chuo inayotaja kiasi cha bursi na tarehe ya kuisha, pamoja na karatasi za benki yake zikionyesha bursi hiyo ikiingia kila mwezi. Pesa za mjomba zilibaki kwa mjomba.

Upande wangu kazi ilikuwa kuonyesha kwamba mke ni mke na watoto ni watoto. Ndoa haikutupa shida kwa sababu tulipita etasivili. Kama mliishia kwenye mahari na kanisani, nendeni komini mkaiandikishe kabla ya kuota ndoto ya visa.

Watoto ndio walionizungusha. Neema aliandikishwa kwa wakati. Mdogo wake alizaliwa wakati nyumba imejaa msiba, tukachelewa kumwandikisha, na sheria yetu ya familia inatoa siku 90 tu za kumtangaza mtoto. Tulikuwa na karatasi ya materinite, na watu wengi wanadhani hiyo inatosha. Haitoshi. Ile inasema mama fulani alijifungua hapa. Cheti cha kuzaliwa kinatoka kwa ofisa wa etasivili, na siku 90 zikipita hawezi kukitoa mpaka mahakama iamue.

Hapo ndipo akatokea kamisionere. Kila mtu aliyesimama nje ya ofisi na bahasha ya kaki anajua nazungumzia watu gani. Huyu alivaa viatu vilivyochongoka, akaniita "mukubwa" kila baada ya maneno matatu, akaniambia mahakama ni ya watu wasiojuana na watu. Yeye angenitengenezea cheti cha mwaka ule ule mtoto alipozaliwa, "kama vile ulikwenda siku ya pili yake." Akatoa mfano ili nione ubora wa kazi. Nikaugeuza geuza. Karatasi nzuri, muhuri wa duara, saini ya kupinda. Ila jina lililokuwa chini ya saini lilikuwa la meya wa komini aliyepo sasa, na cheti kilidai kimetolewa miaka mingi kabla hajakikalia kiti hicho. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitazama kidogo, akasema, "Mukubwa, wazungu hawamjui meya wetu." Pengine. Lakini cheti kina namba ya kitabu cha komini, na ubalozi ukituma mtu akafungue kitabu hicho, atakuta chini ya namba hiyo mtoto wa mtu mwingine. Ukishanaswa na karatasi moja ya uongo, hata zile za kweli zinaanza kunuka.

Basi nikaenda mahakama ya watoto. Unapeleka ombi, mashahidi wanasema wanachokijua, hukumu inatoka. Watu wanaikamata hukumu na kukimbilia komini, kumbe bado: lazima ijulishwe rasmi, muda wa kukata rufaa upite, halafu karani akupe cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa. Baada ya hapo ndipo etasivili wanaandika kuzaliwa kwa mtoto. Kisha karatasi zote zinapita Wizara ya Mambo ya Kigeni, halafu ubalozi wenyewe unaweka muhuri wake. Gharama? Dola mia kadhaa, ukihesabu na zile za "maji" ambazo hazina risiti.

Hukumu ya kuchelewa inatiliwa shaka, na hilo siwalaumu. Kwa hiyo niliongeza vitu ambavyo hakuna anayeviuza. Kile ninachojivunia ni kadi ya kliniki ya watoto, ile ya kupimia kilo. Imechakaa, imemwagiwa mafuta ya mawese pembeni, lakini ina mwezi baada ya mwezi wa chanjo na uzito kwa kalamu tofauti za manesi tofauti. Nikaweka na kadi ya ubatizo. Angalieni tahajia tu: shule ilikuwa imeandika jina la baba kwa "w" pale cheti kilipoandika "u", nikarudi kuomba karatasi mpya. Mlango wa mwisho ni kipimo cha ADN, ambacho Wabelgiji wanakubali kwa familia ambazo karatasi zao hazijawaridhisha. Hatukufika huko.

Sasa nyumba. Mke wangu alikuwa kwenye chumba cha mwanafunzi, kitanda na meza, jiko la kushirikiana. Watu wanne hawaingii humo hata kwenye karatasi. Nyumba za familia Louvain-la-Neuve zilikuwa ghali, karibu mara mbili ya chumba kile au zaidi. Akatafuta mbali, akapata Charleroi, vyumba viwili vya kulala, na treni inakwenda moja kwa moja hadi Ottignies, jirani na Louvain-la-Neuve. Dhamana ya miezi miwili ilimkausha, inalala benki kwenye konti iliyofungwa mpaka tutakapohama.

Kisha mwenye nyumba akagoma kuandikisha mkataba. Ubalozi unataka mkataba ulioandikishwa kwa serikali; uliosainiwa tu hautoshi. Kisheria ni wajibu wake, na akiufanya ndani ya miezi miwili halipi chochote, lakini alikuwa anasema "wiki ijayo" kila wiki. Wenzetu wa huko walimshauri mke wangu avumilie asije akafukuzwa. Yeye akasoma mwenyewe, akakuta kwamba hata mpangaji anaruhusiwa kuandikisha. Jioni moja akaingia MyRent, ukurasa wa wizara ya fedha, kwa kadi yake ya ukaazi, akapandisha mkataba pamoja na ile karatasi ya hali ya nyumba siku ya kuingia. Namba ya uandikishaji ilipotoka, akanitumia picha usiku ule ule. Mwenye nyumba mpaka leo anaamini ni karani wake aliyefanya.

Tulipofika tulikwenda komini kujiandikisha ndani ya siku nane, na baada ya siku chache polisi wa mtaa akagonga kuhakikisha kweli tunalala hapo. Andikeni majina yenu wote kwenye sanduku la barua na kwenye kengele, maana asipoyaona anaweza kuandika kwamba hampo. Bima ilikuwa nyepesi: sisi watatu tuliingizwa chini ya bima ya mke wangu. Shule hailipishi ada, na Neema alianza mara moja. Kinachokula bursi yetu sasa ni joto la nyumba na tikiti za treni, na kadi zetu za ukaazi zinakwisha pamoja na ya mwanafunzi. Kwa hiyo karatasi za bursi na bima za mwaka ujao tayari ziko kwenye faili juu ya kabati, mahali ambapo mdogo hafiki.