Fuso moja ya jasi, Kahe

2014 nilikua bado mgeni kazini, bwana shamba wa miezi michache tu, nikapelekwa Kahe kule chini ya Moshi kwa mzee mmoja mwenye eka moja ya mpunga iliyoharibika. Ukiingia tu unajua ni udongo wa magadi, yani ukikauka unakua mgumu kama sakafu na juu una ukoko mweupe wenye madoa meusi, ukilowa unateleza kama sabuni, na maji yakiingia yanakaa siku nne juu hayashuki. Nilitia bonge dogo la udongo kwenye chupa ya maji ya mvua, hata sikutikisa, maji yakawa kama chai ya maziwa na yakabaki hivyo mpaka kesho yake.

Tukapeleka sampuli maabara, majibu yakarudi ESP 35 na CEC 24. ESP ni asilimia ya nafasi za udongo za kushikia madini zilizoshikwa na sodiamu, na CEC ni jumla ya nafasi zenyewe, sasa ESP ikifika 15 udongo unahesabiwa ni wa magadi, huyu mzee alikua kashapita mara mbili. Nikataka niishushe mpaka 10 kwa kutumia jasi. Kwahiyo cha kutoa ni 25 katika mia ya ile 24, yani 6, na kila moja ya hizo inadai kilo 0.86 za jasi safi kwa kila tani ya udongo, sababu kalsiamu ya kwenye jasi ndo inakuja kukaa pale sodiamu inapotoka.

Tatizo likawa ni tani ngapi za udongo. Darasani tulizoea sentimita 30 nikaweka 30 bila kufikiri, eka ni mita za mraba 4,047, mita ya ujazo moja ya ule udongo tuliipima ikawa tani 1.4, ikaja tani 1,700 za udongo na jasi safi karibu tani 9. Lakini jasi ya Makanya tuliyopata ilikua safi asilimia 80, ukigawanya inafika 11, af unaongeza robo kwa ile inayopotea bila kufanya kazi, unapata 14. Fuso mbili.

Nikamsomea mzee, akanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Kijana, mimi nina hela ya Fuso moja. Sasa hiyo moja itaponya nini, nusu ya ugonjwa?"

Nikakosa jibu. Wazo langu la kwanza lilikua basi tuweke nusu dozi, nikampigia bosi wangu akaniambia chimba kwanza uone mizizi. Tukachimba na mzee pale palipokua na mpunga kidogo uliosalia, mizizi karibu yote ilikua imeishia kwenye sentimita 15 za juu, chini ya hapo hamna kitu. Bosi akasema ndo hivyo, jasi inaanza kazi juu, ukiichanganya kwenye sentimita 15 unaponya hizo 15 zote, sio unaponya 30 nusu nusu, na mpunga unavumilia sodiamu kuliko mahindi, halafu maji yakipita msimu baada ya msimu huko chini kutafuata taratibu. Nikaandika upya:

```
(35 - 10)/100 × 24 × 0.86 × 850 / 1000 = 4.4
4.4 / 0.8 × 1.25 = 6.9
```

Hiyo 850 ni tani za udongo wa eka moja kwa sentimita 15. Tani 7, Fuso moja.

Tulimwaga, tukalima kwa pawatila, af kabla ya kufungulia maji tukachimba mtaro wa kutolea, hapo mzee alibisha sana akisema maji ni ghali kuyamwaga, nikamwambia sodiamu ikishatoka kwenye udongo inaelea kwenye maji yale yale, yasipotoka shambani inarudi ilipokua. Tani moja tu ya jasi inakula kama mita za ujazo 400 za maji mpaka iyeyuke, kwahiyo tulijaza na kuachia, kujaza na kuachia, kabla ya kupandikiza.

Msimu ule maji yalikua yanashuka ndani ya siku moja na nusu. Baada ya kuvuna nikapima tena nikitegemea 10, ikaja 16. Nilirudia hesabu usiku mzima sikuona kosa, mpaka siku mzee analima akaniita nikaona kwenye udongo mabonge meupe ya saizi ya yai, jasi yetu yenyewe, haijayeyuka. Hesabu inachukulia kila kilo imeyeyuka na mimi sikuagiza isagwe iwe unga. Tukayaokota kwenye ndoo siku mbili, tukayaponda kwa nyundo pale pembeni ya mfereji na kuyarudisha shambani kabla ya maji ya msimu wa pili.